Chakula cha mchana cha ofisini: maswali mnayotuuliza kabla ya kuweka oda

Oda za wiki ijayo ziko wazi, Jumatatu hadi Ijumaa. Tunaanzia sahani 15, arbuni ni nusu ya bei, na mwisho wa kupokea oda ni saa 8 mchana wa siku iliyotangulia, ila samaki tunataka siku mbili. Kuna pilau ya nyama shilingi 350, biriani ya kuku 450, wali wa nazi na samaki wa kupaka 500, na wali kwa maharage ya nazi na mchicha 250. Kachumbari na pilipili ya kukamua ndimu haziongezi bei. Maswali tunayoulizwa karibu kila siku tumeyajibu hapa chini.

Tuko wanane tu ofisini. Hamwezi kutuletea?

Peke yenu, hapana. Lakini Mombasa ofisi ndogo nyingi ziko jengo moja na nyingine. Ulizeni jirani wa ghorofa ya chini, au yule wakili wa mlango wa pili, mkifika 15 tutaleta kwa pamoja, mlango mmoja na saa moja. Kila ofisi inaweza kulipa arbuni yake, ila mtu wa kuzungumza naye awe mmoja. Tumeona jengo moja Nkrumah Road likifanya hivi kila Jumatano na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mlinzi wa getini aliyekuwa anabaki nje ya hesabu. Siku hizi wanamhesabu.

Kima cha chini cha sahani 15 hakitokani na ukubwa wa sufuria. Kinatokana na mambo mawili: mtu wa kupika na mtu wa kuleta. Mpishi anayekaanga vitunguu vya sahani 8 hutumia karibu muda ule ule wa sahani 20, na tuktuk ya kutoka kwetu Tudor hadi Treasury Square haina bei ya nusu kwa kuwa imebeba nusu. Chini ya hapo ingetubidi tupandishe bei ya sahani, na pilau ya shilingi 500 hatutaki kuiuza, wala nyinyi hamtaitaka.

Kwa nini basi kila chakula kina kima chake tena?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hivyo tueleze taratibu. Oda nzima iwe sahani 15 au zaidi. Ndani yake, pilau ianzie sahani 10, samaki wa kupaka 12, na biriani 20. Wali wa maharage hauna kima, hata sahani moja tutaipakia, kwa sababu maharage na mchicha viko jikoni kila siku, na wali wa nazi pia.

Biriani ndiyo yenye masharti makali. Ya kwetu Pwani wali hupikwa mbali na masala mbali. Masala yanahitaji kitunguu kikaangwe hadi kiwe rangi ya kahawia bila kuungua, kuku aloweshwe kwenye mtindi na viungo tangu jioni, viazi vikaangwe peke yake, nyanya ikaukie mafuta. Ukipika masala ya sahani 7 kwenye chombo kikubwa yanashika chini. Ukiyapika kwenye chombo kidogo unaweza, lakini umemfunga mpishi mmoja asubuhi nzima kwa watu saba. Pilau haina makuu hayo: kila kitu chungu kimoja, ukishaifunika na kuweka makaa juu unaweza kushughulika na jambo jingine.

Samaki ni habari nyingine. Tunatumia nguru wa vipande, kwa sababu mtu aliyevaa shati jeupe hana muda wa kuchagua miba ya changu juu ya meza ya kazi. Nguru mmoja wa kadiri hutoa vipande kama kumi na mbili vinavyolingana, ukitoa kichwa na mkia. Ndiyo maana ya 12. Mkitaka 14, wawili watapata vipande vya mkiani, na hao huwa wa kwanza kutuandikia.

Dipoziti ni ya nini? Si tulipe tu mkishaleta?

Ni pesa ya sokoni. Hatuna akiba ya nyama kwenye friji inayosubiri oda. Tunanunua kwa hesabu ya waliolipa. Oda ambayo arbuni yake haijaingia kufikia saa 8 mchana haiingii kwenye karatasi ya sokoni, hata kama mmetuma ujumbe tangu Jumatatu na tukajibu “sawa”. Sawa hiyo maana yake tumeona.

Hebu tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Ofisi ya kutoa mizigo bandarini, iliyoko Mbaraki, ilitaka chakula cha watu 42 siku ya Alhamisi. Dada wa mapokezi alipitisha karatasi kila mtu ajichagulie, ikarudi hivi: pilau 19, biriani 11, samaki 9, maharage 3. Kwa masharti yetu, biriani haijafika 20 na samaki hajafika 12. Tulimpigia tukamwambia achague: ama pilau na biriani ziungane ziwe kitu kimoja, ama wa biriani wahamie kwingine. Alirudi kwenye karatasi, na ndani ya nusu saa wanane wa biriani wakawa wa pilau na watatu wakahamia samaki. Sasa ni pilau 27, samaki 12, maharage 3. Hesabu: pilau 9,450, samaki 6,000, maharage 750. Jumla 16,200, na arbuni 8,100.

Hiyo 8,100 ilikwenda wapi? Nyama ya ng'ombe yenye mfupa kidogo kilo 4 na nusu. Mchele wa pilau kilo 3 na nusu, maana kilo moja mbichi tunaihesabia watu wanane, na tunazidisha kidogo kwa ajili ya ukoko. Mchele wa wali wa nazi kilo 2. Nguru aliyekwisha safishwa kilo 2 na nusu, yaani kipande cha kama gramu 200 kwa mtu. Nazi sita, nne za wali na maharage, mbili za kupaka samaki. Halafu vitunguu, nyanya, ndimu, dania, mchicha, na vyombo 42 vya kufunika. Baada ya hapo hubaki shilingi mia chache za tuktuk. Makaa, gesi na mishahara vinangoja nusu ya pili, ambayo hulipwa chakula kikifika, kabla dereva hajaondoka.

Kwa hivyo mtu akituambia “wekeni tu, mnatujua”, ndiyo, tunawajua na tunawapenda. Muuza nyama wa Marikiti ndiye asiyewajua.

Samaki mbona mnataka siku mbili na si moja?

Kwa sababu bahari haifuati ratiba ya ofisi. Wakati wa kaskazi, kuanzia kama Novemba hadi Machi, maji yametulia, wavuvi wanatoka mbali na nguru anapatikana. Kusi ikianza, na mawimbi yakikaza miezi ya Juni na Julai, mashua ndogo hazitoki, samaki huadimika na bei hupanda. Tukipata siku mbili tunaweza kuulizia mapema na kuwekewa. Tukipata siku moja tutachukua kilichopo, na kilichopo pengine kimelala kwenye barafu tangu juzi. Hatupendi kukipika hicho.

Wakati wa kusi tunaweka bei ya samaki wiki kwa wiki. Bei mliyolipia arbuni haibadiliki, hata kama kesho yake imepanda. Nguru akikosekana kabisa, tunawapigia kabla ya saa 12 jioni na kuwapa njia mbili: kolekole kwa bei ile ile, au kuku wa kupaka na tofauti ya shilingi 50 kwa sahani mnarudishiwa. Hatubadilishi samaki kimyakimya. Mtu wa Mombasa ukimpa kolekole ukamwambia ni nguru atajua kabla hajameza.

Idadi ikibadilika je? Kuna wageni wa Nairobi hatujui kama watakuja.

Kupunguza, mwisho ni ile saa 8 ya siku iliyotangulia, kabla hatujaenda sokoni. Kuongeza, hadi saa 12 jioni, na isizidi moja katika kumi ya oda. Watu 40 waweza kuwa 44. Wakiwa 55 hiyo ni oda nyingine. Nyongeza huwa ni ya pilau au maharage. Samaki na biriani haziongezwi jioni.

Wageni msiowajua waandikieni wali wa maharage. Ni rahisi na anayefuata dini yoyote anakula. Wasipokuja, haukosi mtu wa kumaliza.

Tukighairi, arbuni inarudi?

Inategemea saa. Kabla ya saa 8 mchana wa siku iliyotangulia tunarudisha yote, tukikata gharama ya kutuma tu. Baada ya sokoni na kabla ya moto tunarudisha nusu, maana mchele na vitunguu vitatumika kesho lakini nyama iliyokatwa na nazi zilizokunwa haziwezi kungoja. Moto wetu huwashwa saa 11 alfajiri. Baada ya hapo hakuna kurudisha, ila chakula ni chenu. Kama ofisi imefungwa ghafla tuambieni tukipeleke wapi. Kuna walioelekeza kwenye madrasa, kuna walioelekeza nyumbani kwa mkurugenzi.

Idd ni jambo la peke yake. Mwezi huandama au usiandame, na sikukuu hujulikana usiku. Mkiwa na oda ya siku ambayo imegeuka Idd, arbuni nzima inahamia siku mtakayochagua, bila kukatwa senti. Kwa sababu hiyo siku ya 29 ya Ramadhani hatununui kitu cha kuoza hadi habari ya mwezi itoke.

Na ikiwa sisi ndio tumeshindwa kuleta, mnarudishiwa arbuni yote siku hiyo hiyo.

Ijumaa inakuwaje?

Ijumaa ina foleni yake. Kila ofisi inataka biriani, na jiko letu lina nafasi ya oda nne tu za biriani kwa siku. Kwa kawaida Jumatano adhuhuri zimeisha. Wekeni mapema.

Kisha kuna swala. Waislamu wanatoka kama saa 6 na nusu na wengi hurudi karibu na saa 8. Chakula kikifika saa 6 na robo kama siku nyingine, nusu ya sahani zitakaa zikipoa mezani karibu saa mbili, na hilo halitufurahishi kwa sababu tutakazozieleza chini. Tunaleta mapema, saa 5 na nusu, kwa wanaotaka kula kabla ya kwenda msikitini, au saa 8 kasorobo wale wote kwa pamoja. Mkitaka mara mbili, kila safari ihesabiwe peke yake na ifike sahani 15. Ofisi za watu 30 na zaidi hufanya hivyo.

Mwezi wa Ramadhani hatupiki cha mchana. Jiko linageukia futari.

Chakula kinaweza kukaa muda gani kabla ya kuliwa?

Tunakitoa jikoni kikiwa cha moto sana, kimefungwa kwenye masanduku ya kuhifadhi joto. Dereva wetu ana kipima joto chenye ncha. Anakichoma katikati ya sanduku moja akifika kwenu, na kikisoma chini ya digrii 60 hashushi, anatupigia. Mnaweza kumwomba awaonyeshe.

Kikishafunguliwa mezani, kiliwe ndani ya saa mbili. Februari na Machi, joto la Mombasa likiwa halipumui na ofisi yenu haina kiyoyozi, hesabuni saa moja. Si woga wa bure. Mchele una bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa uvuguvugu kwa muda mrefu mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na wanaweza kuacha sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto hadi ukachemka. Pilau iliyoshinda mezani hadi saa 11 jioni haiokolewi na maikrowevu.

Nazi nayo huchacha upesi. Maharage ya nazi yakianza kutoa harufu ya uchachu, yakiwa na utelezi au vipovu vidogo pembeni ya mchuzi, mwageni. Mnaotaka kumwekea mwenzenu aliyekwenda bandarini, tengeni sahani yake mara tu chakula kinapofika na muiweke kwenye friji, si juu ya kabati. Hapo akirudi jioni apashe hadi iwe ya moto kabisa, mara moja tu.

Mnafika wapi, na usafiri ni bei gani?

Kisiwani kote, bure kwa oda ya kuanzia shilingi 10,000; chini ya hapo ni 400. Nyali, Kongowea na Changamwe ni 700, na kima ni sahani 20. Likoni kima ni sahani 30 na chakula hutoka kwetu saa 4 na nusu, kwa sababu feri ina siku zake. Kwa Likoni hatupeleki samaki. Akikwama kwenye foleni ya magari juani, tutakuwa tumewauzia matatizo.

Bandarini tunafika getini tu. Mtu wenu mwenye kibali aje apokee, na aje na wa kumsaidia. Sanduku la sahani 20 si la mkono mmoja.

Kampuni yetu inalipa kwa LPO baada ya siku 30. Mnakubali?

LPO tunaipokea, lakini arbuni inalipwa vile vile kabla ya sokoni, na kilichobaki tunangoja siku 14, si 30. Tulishawahi kulisha ofisi moja watu 60 kwa siku tatu za mafunzo, kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, na pesa zikaja msimu wa embe ukiwa umepita. Mhasibu kila siku alikuwa “kwenye mkutano”. Jiko dogo haliwezi kuikopesha kampuni kubwa.

Ankara tunatoa ya eTIMS, moja tu, ya jumla yote baada ya kuleta. Kwa arbuni mnapata risiti ya kawaida. Tupeni PIN ya KRA ya kampuni mnapoweka oda. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwenye hesabu za kodi za kampuni, na wahasibu hutukumbuka ghafla Juni mwaka unapofungwa wakitaka ankara za Septemba. Zitolewe siku ile ile, ni rahisi kwa kila mtu.

Malipo ni kwa Lipa na M-Pesa pekee, kwa namba iliyo kwenye risiti yetu. Jina la biashara likitokea kwenye simu tofauti na lililo kwenye risiti, msimalize. Dereva hapokei pesa taslimu wala hana namba yake ya kutumiwa.

Kuna mtu mwenye mzio. Na nyama ni halali?

Nyama na kuku wote ni halali, jiko zima. Kuhusu mzio, tuandikieni wazi wakati wa kuweka oda. Karanga na korosho hatutumii kabisa. Samaki na maziwa tunatumia: mtindi uko kwenye biriani. Sahani ya mwenye mzio hupakiwa kwanza, kabla ya upawa kugusa kingine, na huandikwa jina juu ya kifuniko. Nazi ndiyo ngumu kuikwepa kwetu. Asiyekula nazi aagize pilau.

Vyombo vya kuleta ni vipi? Twaweza kupata sinia?

Kawaida ni chombo cha kufunika kwa kila mtu, tunabeba kwenye vikapu na masanduku yetu. Sinia inawezekana kwa pilau na biriani, moja ya watu watano, kuanzia sinia tatu za pilau au nne za biriani, na kwa kumuaga mwenzenu anayestaafu hakuna kinachopendeza zaidi. Sinia zetu ni za kurudi. Dereva atazifuata saa 9 alasiri. Ikipotea moja ni shilingi 1,200, na tunasikitika kusema hutokea.

Nianze vipi?

Tuma ujumbe mmoja uliokamilika badala ya kumi vipande vipande. Ulio mzuri husomeka hivi: “Asalaam aleikum. Alhamisi, watu 42, Mbaraki, ghorofa ya 4, lifti haifanyi kazi. Pilau 27, samaki 12, maharage 3. Mmoja ana mzio wa samaki, yuko kwenye pilau. Kifike saa 6 na robo. Atakayepokea ni dada wa mapokezi, namba ni hii. PIN ya kampuni ni hii.” Tutakujibu kwa jumla ya bei, kiasi cha arbuni na namba ya kulipia. Ukishalipa, subiri risiti yetu. Ikifika, oda imeingia; isipofika ndani ya saa moja, tupigie.